Picha ya cheti cha dawa haitoshi: kinachofanyika dirishani kwa mfamasia

Ombi hili limezoeleka kwenye makundi ya familia: picha ya karatasi ya daktari, imepigwa juu ya meza au juu ya paja, na chini yake maneno "Hebu nisomeeni, hii ni dawa gani?" Mara anajibu binamu aliyesomea uuguzi, mara mjomba aliyewahi kutumia dawa kama hiyo. Jibu huja haraka, tena kwa herufi safi kabisa. Usafi huo ndio unaodanganya, kwa sababu jina lililokisiwa vibaya likiandikwa simuni hufanana kabisa na jina lililosomwa sawasawa. Ule mkorogo wa wino uliomfanya muulizaji atie shaka umefutika, na shaka yake imefutika nao.

Anayejibu mara nyingi si mjinga. Wengi wao wanazijua dawa vizuri. Shida iko kwenye namna mwandiko wa daktari unavyosomwa hata na wale wanaousoma kila siku.

Mwandiko haudondolewi herufi moja moja

Mfamasia akishika karatasi iliyoandikwa kwa haraka, haanzi herufi ya kwanza akaenda hadi ya mwisho. Huona umbo la neno: linaanza na herufi ndefu, lina kama herufi sita, linaishia na kitu kama "il". Kisha jicho linahamia kwenye namba iliyo pembeni, halafu kwenye mara ngapi kwa siku, halafu siku ngapi. Akilini anajiuliza ni dawa gani yenye umbo hilo, inayotengenezwa kwa nguvu hiyo, inayomezwa mara hizo, na ambayo mgonjwa huyu aliyesimama mbele yake anaweza kuwa ameandikiwa. Kila swali linaondoa dawa kadhaa. Ikibaki moja, atasema ameisoma. Zikibaki mbili, hajaisoma, hata kama moja anaiona ina uwezekano mkubwa zaidi.

Kuna kesi ya Uingereza ya miaka ya 1980 ambayo wanafunzi wa famasia bado hufundishwa, na inafaa kuitazama polepole kwa sababu dawa zote mbili zinafahamika hata hapa Mombasa. Mgonjwa alikuwa na pumu na maambukizi ya kifua. Daktari akamwandikia dawa za pumu, na pamoja nazo Amoxil, ambayo ni amoksilini, dawa ya kuua bakteria: miligramu 250, kimoja mara tatu kwa siku, vidonge 21. Mfamasia akasoma Daonil. Daonil ni dawa ya kisukari inayoshusha sukari kwenye damu. Mgonjwa hakuwa na kisukari. Alizimeza, sukari yake ikaanguka vibaya, akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo.

Mtu anayeandika majina haya mawili kwa herufi za kompyuta anashangaa yanawezaje kuchanganywa. Yaandike kwa mkono, haraka, kwa kalamu inayokatikakatika. Herufi "A" isiyofungwa vizuri juu inakaribia "D", katikati panabaki vilima vitatu vinne vya wino, na mwisho wote ni "il".

Lakini kwenye karatasi ile palikuwa na dalili nyingine za kumzuia msomaji. Daonil hutengenezwa kwa kidonge cha miligramu 5, si 250. Kwa kawaida huanzwa mara moja kwa siku pamoja na chakula, si mara tatu. Vidonge 21, mara tatu kwa siku, ni siku saba kamili, nayo ni dozi ya maambukizi, wakati dawa ya kisukari hutumika miezi na miaka. Zaidi ya hayo, nchini humo mwenye kisukari halipii dawa zake, na huyu alilipa. Mahakama ilisema mfamasia alipaswa kushtuka na kumpigia daktari. Ilimbebesha sehemu kubwa ya lawama, asilimia 75, na asilimia 25 ikaenda kwa daktari kwa sababu ya mwandiko wake.

Angalia sasa dalili zile zilikuwa wapi. Moja ilikuwa kwenye namba, ya pili kwenye mara ngapi, ya tatu kwenye idadi ya vidonge, ya nne ilikuwa kwa mgonjwa mwenyewe, dirishani. Kwenye herufi za jina hapakuwa na hata moja. Aliyekuwa na yote manne mbele yake alikosea. Aliye na picha tu mara nyingi hana hata mawili.

Picha inaondoa nini

Kinachopotea kwanza ni kichwa cha karatasi. Watu hupiga picha ya mistari ya dawa, kwa sababu ndiyo wanayoitaka, na wengine hukata sehemu ya juu kwa makusudi ili jina la mgonjwa lisionekane. Hilo la kuficha jina ni busara kwenye kundi la watu themanini. Ila pale juu ndipo palipo umri, uzito wa mtoto, tarehe, na jina la kliniki. Chukua mfano mmoja mdogo: herufi OD. Kwenye cheti cha kawaida cha zahanati yoyote hapa Pwani, OD ni mara moja kwa siku. Kwenye karatasi ya kliniki ya macho, OD ni jicho la kulia. Ukiikata karatasi juu, msomaji hajui anasoma ipi kati ya hizo.

Tarehe nayo ina kisa chake. Picha hukaa simuni. Kikohozi cha mtoto kikirudi baada ya miezi minane, mtu anaifukua picha ile ile na kuituma tena, na anayeisoma upande wa pili hana njia ya kujua kwamba mtoto sasa ana uzito mwingine na pengine ugonjwa mwingine.

Kinachopotea pili ni nukta. Whatsapp hupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma, na alama ndogo zilizofifia ndizo za kwanza kulainishwa zikayeyuka. Kwenye cheti cha dawa, alama ndogo kuliko zote ni nukta ya desimali. Daktari akiandika 5.0 na nukta ikapotea, inasomeka 50. Akiandika .5 bila sifuri mbele, inasomeka 5. Kosa ni mara kumi kila upande. Ndiyo maana taratibu za usalama wa dawa humtaka mwandishi aandike 0.5 yenye sifuri mbele, na 5 isiyo na sifuri nyuma. Lakini si kila kalamu inazifuata. Karatasi yenye mistari iliyochapwa inazidisha shida, maana nukta ikikaa juu ya mstari haionekani kabisa. Nakala ya kaboni, ile karatasi ya pili yenye wino wa buluu hafifu, ni mbaya zaidi. Na kuna nukta za uongo: chembe ya vumbi, tone la chai, wino uliopenya kutoka upande wa nyuma. Ukiwa na karatasi mkononi unaigeuza, unaipeleka kwenye mwanga, unaigusa kwa kidole. Picha haigeuki.

Kuna makosa mengine mawili ya aina hiyo hiyo ambayo watu wa dawa huyaogopa hasa. Herufi U, kifupi cha yuniti za insulini, ikiandikwa karibu na namba huonekana kama sifuri, hivyo yuniti 10 zinakuwa 100. Na alama µg, yaani mikrogramu, ikisomwa mg inakuwa miligramu, kosa la mara elfu moja. Dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, huandikwa kwa mikrogramu.

Vifupisho vinavyoonekana rahisi

Hapa ndipo wasomaji wengi hujiamini, kwa sababu vifupisho vichache vimeshazoeleka. BD ni mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, QID mara nne, PRN ni pale inapohitajika tu, na STAT ni papo hapo, mara moja, basi. Mtaani kwetu hata asiyesoma udaktari anaijua "1 x 3".

Sehemu inayoangusha watu ni ile ya sehemu za namba. Alama 5/7 maana yake ni siku tano, kwa sababu wiki ina siku saba. Alama 2/52 ni wiki mbili, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Na 1/12 ni mwezi mmoja. Asiyezijua huisoma 5/7 kama tarehe, au kama "tano mpaka saba", na 1/12 huisoma "kimoja kila saa kumi na mbili". Dawa ya presha iliyoandikwa OD 1/12, yaani mara moja kwa siku kwa mwezi, ikamezwa kila saa kumi na mbili, mgonjwa atameza mara mbili ya dozi yake, na kwa mzee hilo linatosha kumwangusha akiinuka kitandani.

Majina ya dawa nayo hufupishwa. MTZ wengi huandika kwa metronidazoli, dawa ya kuhara na maambukizi ya aina fulani, ambayo huweza kumezwa mara tatu kwa siku. MTX ni methotreksati. Kwa ugonjwa wa baridi yabisi hiyo humezwa mara moja kwa wiki, si kwa siku. Ikimezwa kila siku huharibu uboho unaotengeneza damu, na imeshaua watu katika nchi nyingi kwa kosa hilo hilo. Kati ya MTZ na MTX kuna mkia mmoja wa herufi. Binafsi ningeupa mkia huo nafasi kubwa kuliko mijadala yote ya mwandiko mbaya wa madaktari, kwa sababu hapa hata mwandiko mzuri unaweza kuponyoka.

Hata ukisoma sawa, bado

Tuseme picha ni safi na msomaji ni hodari. Cheti ni cha mtoto wa kilo 8 mwenye homa, na mstari unasema: parasetamoli, mililita 5, mara nne kwa siku kukiwa na homa. Binamu anausoma sawasawa na kumjibu mama, "Mpe kijiko cha mililita tano." Hajakosea hata neno moja.

Mama anayo chupa nyumbani. Dawa ya maji ya parasetamoli hupatikana kwa nguvu zaidi ya moja: kuna yenye miligramu 120 ndani ya kila mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 ndani ya mililita 5 hizo hizo. Daktari alikuwa na ile ya 120 akilini. Miligramu 120 kwa mtoto wa kilo 8 ni miligramu 15 kwa kila kilo, kiasi kinachokubalika. Chupa ya nyumbani ikiwa ni ya 250, kijiko kile kile kinampa miligramu 31 kwa kila kilo, zaidi ya maradufu. Mara nne kwa siku, kwa siku kadhaa, mzigo huo unaliendea ini.

Kosa hili halimo kwenye karatasi wala kwenye usomaji. Limo kati ya karatasi na chupa, na mtu pekee anayezishika zote mbili kwa wakati mmoja ni yule wa duka la dawa. Ndiyo maana inafaa kwenda na chupa uliyo nayo, au kuitaja, hata kama huna nia ya kununua nyingine.

Dirishani

Nenda na karatasi yenyewe, si picha. Ukienda na mgonjwa mwenyewe ni bora zaidi. Asipoweza kuja, jua umri wake, uzito ikiwa ni mtoto, dawa nyingine anazotumia, dawa inayomdhuru, na kama ni mama, iwapo ana mimba au ananyonyesha. Jua pia alikwenda kwa daktari kwa shida gani. Watu huona haya kusema hilo mbele ya foleni, hasa mambo ya sehemu za siri. Omba kusogea pembeni au liandike kwenye kijikaratasi. Bila habari hiyo unampunguzia mfamasia chujio lake kubwa kuliko yote.

Kisha kuna jambo moja linalosahaulika: usimwambie ulichoambiwa kwenye kundi. Ukianza na "Nimeambiwa hii ni Daonil," umeshamwekea jina akilini, na vile vilima vya wino vitajipanga kulifuata. Mpe karatasi, nyamaza, mwache asome mwenyewe. Jina lake likilingana na lile ulilosikia, vizuri. Lisipolingana, sasa ndipo useme, kwa sababu tofauti hiyo ni sababu tosha ya kumpigia daktari.

Akiisha kusoma, muulize: hii dawa inatibu nini? Swali hili lina nguvu kuliko "umeisoma sawa?" Mtu aliyekwenda kwa sababu ya kifua akiambiwa dawa ni ya sukari, yeye mwenyewe atajua pana kasoro, bila elimu yoyote ya famasia. Halafu piga hesabu naye: kimoja, mara tatu, siku tano, ni vidonge kumi na tano. Kama anahesabu thelathini, mmoja wenu hajausoma mstari vile mwenzake alivyousoma.

Pakiwa na shaka, anayepaswa kuulizwa ni aliyeandika. Namba ya kliniki huwa juu ya karatasi au kwenye muhuri. Mfamasia mwenye uzoefu hamuulizi daktari "Ni Amoxil, sivyo?" kwa sababu daktari mwenye wagonjwa kumi mlangoni atasema ndiyo. Humtajia mgonjwa na kuuliza, "Mstari wa pili ulimwandikia nini, na kwa ajili ya nini?" Akijibiwa, humrudishia: jina kwa herufi moja moja, namba kwa tarakimu moja moja, "mbili, tano, sifuri". Kisha huandika kwenye cheti kile kilichothibitishwa, na nani, saa ngapi. Ukiona anafanya hivyo, usimharakishe kwa sababu unawahi feri.

Daktari asipopatikana, kinachowezekana ni kuchukua mistari iliyo wazi na kuuacha ule wenye shaka mpaka asubuhi, au kurudi kituoni na karatasi. Ni ipi kati ya hizo mbili inategemea mgonjwa, na mfamasia atakwambia. Kwa mtu anayepumua kwa shida, mtoto aliyelegea asiyenyonya, au mwenye kifafa aliyeishiwa na dawa, hakuna kungoja asubuhi. Ni kwenda kitengo cha dharura, kwa mfano Hospitali Kuu ya Pwani, na karatasi mkononi. Mfamasia anayesema "hii siitoi mpaka nimpate daktari" hajakukosea heshima. Wa kutilia mashaka ni yule anayetupa jicho, asiulize umri wala ugonjwa, na tayari anahesabu vidonge. Mwulize kwa adabu kama mfamasia mwenyewe yupo. Duka la dawa halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, nayo inapaswa kuwa mahali inapoonekana.

Ukiwa mbali na mgonjwa

Wengi wanaopokea picha hizi wako mbali: kijana yuko Doha, mama yuko Likoni. Kumkatalia mama "siwezi kusoma" peke yake hakumsaidii. Mwambie hivi: "Mama, karatasi hii ipeleke kwenye duka la dawa, na ukifika dirishani nipigie, unipe niongee na mfamasia." Kwenye simu hiyo wewe una kazi ya kweli, kwa sababu pengine unajua vizuri kuliko mama mwenyewe kwamba ana presha, kwamba alivimba midomo alipopewa dawa fulani mwaka juzi, kwamba anatumia pia mitishamba ya baridi. Hizo ndizo habari ambazo picha haina.

Mwombe mfamasia aandike kwenye kila pakiti, kwa Kiswahili na kwa maneno, si kwa vifupisho: jina la dawa, nguvu yake, "meza kimoja asubuhi na kimoja usiku, baada ya chakula, siku saba", na dawa ni ya nini. Kisha mama apige picha ya pakiti hiyo na boksi lake, upande wenye jina lililochapwa, akutumie. Whatsapp ikikupa nafasi ya kuituma kama dokumenti badala ya picha, itumeni hivyo ili herufi zisififie. Picha hiyo unaweza kuisoma ukiwa popote, na kesho mama akikuuliza "ile nyeupe ni mara ngapi vile?", unamjibu kutoka kwenye maneno yaliyoandikwa na aliyeishika karatasi.

Ikiwa dawa ilishamezwa kwa jibu la kundini kabla hujafika kwenye hatua hii, usingoje dalili ili kuthibitisha. Jasho jingi, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni ishara za sukari kushuka. Vidonda mdomoni na homa kwa mtu aliyemeza methotreksati kila siku ni hatari kubwa. Lakini si kila dawa hutoa ishara mapema. Chukua boksi, cheti, na idadi ya vidonge vilivyobaki, uende navyo hospitali. Idadi hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari ni vingapi vilivyoingia mwilini.